Mistari mitano ya kaburi la babu: kutoka Kiswahili hadi Kiarabu

Kibao kilichosimama sasa kwenye kaburi la babu upande wa Tukuyu ni cha pili. Cha kwanza kilichongwa, kikalipiwa, kikaharibika kwa nukta tatu tu. Yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya familia yoyote ya Mbeya, Iringa au Njombe iliyo na maneno ya Kiswahili mkononi na inataka yaandikwe kwa Kiarabu juu ya jiwe. Majina yaliyotumika hapa ni ya mfano, ila herufi zake zina matatizo yaleyale.

Kabla ya kutafuta fundi, tafuta sheikh. Katika Sahihi Muslim ipo hadithi ya Jabir inayokataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa, na katika mapokezi ya Tirmidhi limeongezwa katazo la kuliandikia. Upande mwingine, Abu Dawud amepokea kwamba Mtume aliweka jiwe kichwani pa Uthman bin Madh'un ili alitambue kaburi lake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kuandika ni makruhu, na wapo wanazuoni wanaoruhusu jina kwa ajili ya utambuzi. Sheikh wetu alikubali jina, tarehe na dua fupi. Aya alizikataa, na basmala pia, kwa sababu kaburi liko pasipo na uzio: mbuzi hupita, na mvua za Rungwe hurusha tope mpaka usawa wa goti. Sheikh mwingine angeweza kukataa yote. Ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kusimama mbele yake na jiwe lililokwisha kuchongwa.

Maneno ya Kiswahili waliyokubaliana wajukuu yalikuwa haya:

Hapa amelala babu yetu mpendwa
Musa Hamisi Mwakalinga
Alifariki 7 Agosti 2023
Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi
Pumzika kwa amani, Babu. Amina

Kosa la kwanza lilikuwa kuyapeleka maneno hayo neno kwa neno. Kijana mmoja wa madrasa, mwenye Kiarabu cha kusomea zaidi kuliko cha kuandikia, alikaa nayo jioni moja na kurudi na mistari mitano. Kila neno lilikuwa la Kiarabu, lakini ukiuliza kama Mwarabu Mwislamu angeandika hivyo kaburini, jibu ni hapana. "Ailaze roho yake" ilikuwa imegeuka kuwa kama mtoto anayebembelezwa alale. Mbele ya jina Musa palikuwa na عليه السلام, "alayhi ssalaam", kwa kuwa mkono wake umezoea kila ukiandika Musa kuongeza hayo. Hiyo ni heshima ya Nabii Musa. Babu hakuwa nabii. Ni kosa lilelile la kumwandikia mzee wa juzi رضي الله عنه, dua ambayo kwa mazoea ya Waislamu huwafuata Masahaba.

Njia iliyofaa ni kuuliza kila mstari wa Kiswahili unafanya kazi gani, kisha kutafuta Kiarabu huifanya kazi hiyo kwa maneno gani.

"Hapa amelala" kazi yake ni kutambulisha. Kiarabu kina هنا يرقد, "hunaa yarqudu", na hutumika, hata kwenye makaburi ya Wakristo wa nchi za Kiarabu. Lakini mwanzo wa zamani wa Waislamu ni هذا قبر, "haadhaa qabru", yaani hili ni kaburi la fulani. Jiwe la kaburi la mwaka 31 Hijria, sawa na 652, lililo katika jumba la makumbusho ya Kiislamu mjini Kairo, baada ya basmala linaanza kwa namna hiyo hiyo: kaburi hili ni la Abdurrahman, wa ukoo wa Hajri. Kisha linamwombea maghufira na kumtaka anayesoma naye amwombee na aseme amina. Ndiyo maana "Amina" ya mwisho tuliiondoa: huyo ni msomaji, anaisema kwa mdomo wake.

"Babu yetu mpendwa" nayo iliondoka, na hapa shangazi alinung'unika. Neno جدنا, "jaddunaa", lipo na si kosa. Lakini jiwe husomwa na kila apitaye, na kwa apitaye yeye si babu. Kinachomtambulisha mtu kwa Kiarabu ni nasaba: fulani mwana wa fulani. Upendo wa wajukuu tuliuachia mstari mmoja wa Kiswahili chini ya kibao, unaosema "Babu yetu", na shangazi akaridhika.

"Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi" ina mwenzake kamili: أسكنه الله فسيح جناته, "askanahu Llaahu fasiiha jannaatih", Mwenyezi Mungu amkalishe katika pepo Zake pana. Tazama tofauti: Kiswahili kinalaza, Kiarabu kinakalisha. Ukitafsiri "laza" umeharibu. Ukichukua kauli nzima umepatia. "Pumzika kwa amani" ni jambo jingine. ارقد بسلام, "urqud bisalaam", kwa sarufi ni sawa, lakini inamsemesha maiti na kumwamuru apumzike. Dua ya Kiislamu humsemesha Mungu juu ya maiti. Kwa hiyo mistari miwili ya mwisho ikawa mmoja: رحمه الله وغفر له, "rahimahu Llaahu wa ghafara lah", Mungu amrehemu na amghufirie. Kitenzi kina umbo la wakati uliopita, "alimrehemu", na mtu wa madrasa aweza kushtuka. Kwa Kiarabu umbo hilo ndilo la dua. Tuliuchagua badala ya ule wa pepo pana kwa sababu ni mfupi, na kila neno linaloongezwa linapunguza ukubwa wa herufi.

Neno moja limeleta mjadala mrefu kuliko yote: marehemu. Kwa Kiswahili marehemu ni mtu aliyekufa, basi. Kwa Kiarabu المرحوم, "al-marhuum", ni aliyerehemewa, na wapo masheikh wanaosema hatuwezi kumshuhudia mtu hivyo, kwani anayejua ni Mungu peke yake. Wengine wanalichukua kama matumaini na hawaoni tatizo, na wapo wanaoongeza بإذن الله, "kwa idhini ya Mungu". Kwa kuwa "rahimahu Llaah" inabeba maana hiyo hiyo kama ombi, na hakuna anayeipinga, "al-marhuum" hatukuliandika.

Sasa jina. Majina ya Kiislamu ya Kiswahili ni ya Kiarabu yaliyolainishwa, na kwenye jiwe yanarudi kwao. Hamisi haianzi kwa ه wala ح bali kwa خ: خميس. Juma ni جمعة, Shabani ni شعبان, Athumani ni عثمان, Bakari ni أبو بكر. Ukiandika kama unavyotamka, msomaji wa Kiarabu ataona jina asilolijua. Musa ni موسى, na herufi ya mwisho haina nukta chini. Simu nyingi zina ى na ي karibu karibu, na vidole hukosea.

Jina la ukoo halina kwao pa kurudi. Mwakalinga ina "ng", na Kiarabu hakina "g" moja inayokubaliwa na wote: Misri husoma ج, Ghuba hutumia ق, wengine huandika غ. Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na ڠ yenye nukta tatu, lakini herufi hiyo haipo kwenye kila chapa, na Mwarabu haijui. Tukaandika مواكالينغا kwa ن na غ, tukaweka alifu kila penye "a" ili asiyelijua jina aweze kulitamka. Ukoo wenye "p" au "v" una kazi zaidi, maana ب na ف ndizo zitakazoshika nafasi hizo, na jina litasomeka tofauti kidogo. Kwa sababu hiyo jina zima liliandikwa tena kwa herufi za Kirumi kwenye mstari wa Kiswahili.

Kati ya jina la mtu na la baba yake huandikwa بن bila alifu. Lakini neno hilo likiangukia mwanzo wa mstari, alifu hurudi: ابن. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa kibao chenye upana wa sentimita 40, jina likakatika baada ya Musa, na "bin" ikaanza mstari wa chini bila alifu. Ungeweza kuongeza alifu na kuendelea. Sisi tulipanua kibao kuwa sentimita 60 ili jina likae mstari mmoja, kwa kuwa jina lililokatwa katikati linasumbua jicho hata likiwa sahihi.

Tarehe ilitupa shida ambayo hatukuitegemea. Babu alifariki Jumatatu, 7 Agosti 2023, saa mbili usiku, mjini Mbeya watu wakijiandaa kwa Nanenane ya kesho yake. Programu ya simu ilisema tarehe hiyo ni 20 Muharram 1445 kwa kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia. Lakini siku ya Kiislamu huanza Magharibi. Saa mbili usiku Magharibi imekwishapita, kwa hiyo kwa kalenda hiyo hiyo ilikuwa 21. Ongeza kwamba mwandamo wa mwezi unaofuatwa na msikiti wenu unaweza kuwa nyuma siku moja, na mnarudi kwenye 20 kwa sababu nyingine kabisa. Ndugu wawili walibishana wiki nzima, kila mmoja akiwa na hesabu sahihi kwa kalenda yake.

Kilichotutoa hapo ni mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kina "usiku wa kuamkia Jumanne", na Kiarabu kina kitu hicho hicho: ليلة الثلاثاء, "laylata th-thulaathaa", usiku unaotangulia mchana wa Jumanne. Hapa hakuna cha kutafsiri, lugha mbili zinahesabu usiku kwa namna moja. Pili, lile jiwe la mwaka 31 limetaja mwezi na mwaka tu, Jumada ya pili, bila siku. Basi tukaandika usiku, mwezi na mwaka wa Hijria, na tarehe kamili tukaiacha kwa kalenda ya kawaida, ambayo haina ubishi.

Kitenzi "alifariki" ni توفي, na kinahitaji uangalifu. Kinasomwa "tuwuffiya", yaani alifishwa, roho yake ilichukuliwa. Kikiandikwa توفى bila nukta mwishoni kinaweza kusomwa "tawaffaa", yaani alifisha, na aliyefisha ni Mungu. Uandishi wa Misri huacha nukta za mwisho na watu wanaelewa, lakini kaburini usimwachie msomaji kazi ya kukisia. Kwa hiyo kwenye kibao kimoja una ى ya Musa isiyotakiwa kuwa na nukta, na ي ya "tuwuffiya" inayotakiwa kuwa nazo. Mtu asiyesoma Kiarabu ataona ni herufi moja, na atataka kuzifananisha.

Maandishi ya mwisho yalikuwa haya:

هذا قبر
موسى بن خميس مواكالينغا
رحمه الله وغفر له
توفي ليلة الثلاثاء
المحرم ١٤٤٥هـ - ٧ أغسطس ٢٠٢٣م

Kwa bibi mambo matatu yangebadilika: بنت badala ya بن, توفيت badala ya توفي, na dua ingekuwa رحمها الله وغفر لها. Ukinakili maandishi ya babu kwa ajili ya bibi ukabadili jina tu, unakuwa umemwombea mwanamume asiyekuwepo.

Hadi hapo kila kitu kilikuwa kizuri kwenye karatasi. Uharibifu ulianzia kwenye faili. Maandishi yalitumwa kwa simu kama ujumbe, na programu ya kuchorea ya karakana haikuelewa Kiarabu: herufi zilitengana na kupangwa kutoka kushoto. Dalili yake ni rahisi hata kwa asiyesoma. Angalia neno الله. Likionekana ا ل ل ه, herufi nne zimesimama mbali mbali, kila kitu kimevunjika. Kosa hilo tuliliona. Ila badala ya kudai faili mpya, tulikubali karakana itafute mtu wa kuyachapa upya hapo hapo, na huyo ndiye aliyetia nukta asizopewa. Aliandika رحمة الله, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuliona katika "wa rahmatu Llaah" ya salamu. Nukta mbili hizo juu ya ه zinageuza "Mungu amrehemu" kuwa "rehema ya Mungu", na "na amghufirie" inayofuata inabaki ikining'inia. Nukta ya tatu ilipotea: خ ya Hamisi ikawa ح.

Kupotea huko kulikuwa na sababu ya kiufundi. Karakana hukata maandishi kwenye stika, huibandika juu ya jiwe, hung'oa sehemu za herufi, kisha hupuliza mchanga ili ulichimbe jiwe palipo wazi. Kipande cha nukta ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kikisahaulika bila kung'olewa, mchanga haufiki na nukta haichongwi. Na jiwe lenyewe lilisaidia kuficha. Tulikuwa tumechagua marumaru ya Songwe, nzuri kwa rangi, ila ina vitundu vya asili. Mbele ya macho yetu kitundu kimoja kilikaa karibu na pale nukta ilipotakiwa, na hakuna aliyeshtuka mpaka ustadhi mmoja aliposoma kwa sauti "Humays" na kuuliza huyo ni nani.

Safari ya pili tulifanya hivi. Jiwe likawa granaiti ya kijivu, laini isiyo na vitundu. Chapa ikawa Amiri, ya mwandiko wa naskhi, kwa kuwa miandiko ya mapambo hupandanisha maneno na nukta hazijui ni za nani. Maandishi yalitoka kwetu yakiwa PDF, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro, ili pasiwe na kitu cha kuchapa upya. Alifu ilikuwa na urefu wa sentimita 3 na kila nukta isiyopungua milimita 5. Nafasi kati ya mistari tuliiongeza kuliko ya Kiswahili, maana Kiarabu kina vitu juu na chini: nukta za ي ya mstari mmoja zisigusane na za ث ya mstari wa pili.

Kisha tulihesabu. Mistari mitano ile ina nukta 31 za herufi: nne mstari wa kwanza, tisa wa pili, mbili wa tatu, kumi na tano wa nne, moja wa tano. Juu ya hizo ipo sifuri ya mwaka 2023, ambayo kwa tarakimu za Kiarabu ni kinukta ٠. Ikipotea, babu anakuwa amefariki mwaka 223. Tuliomba ichorwe kama almasi ndogo, kubwa kuliko nukta za kawaida. Stika ilipobandikwa, fundi alihesabu nukta zilizong'olewa mstari kwa mstari kabla ya kupuliza mchanga, na hesabu hiyo haikuhitaji ajue Kiarabu. Tarakimu pia zilikaguliwa kwa upande: maandishi huenda kutoka kulia, lakini ١٤٤٥ husomwa moja mbele kama ilivyo kwetu. Anayegeuza kila kitu atakupa 5441.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa wa kusomwa. Tulimpa mchoro mtu aliyejua Kiarabu ambaye hakuwahi kuona maneno yetu, akasoma kwa sauti na kueleza maana kwa Kiswahili. Hakuambiwa jina. Alipolitamka Mwakalinga bila kusita, tukalipa.

Kwa gharama, tulilipia mawe mawili, kazi mara mbili, na nauli za Tukuyu hadi Mbeya ambazo hakuna aliyezihesabu. Karakana ilipunguza kidogo kwenye kazi ya pili, ila nukta tulizozikubali kwa macho yetu kwenye jiwe la kwanza zilikuwa juu yetu. Saini yetu ilikuwa kwenye mchoro.

Kibao kilisimamishwa Juni, baada ya msimu mmoja wa mvua kupita tangu maziko, kwa sababu udongo wa kule hutitia na jiwe lililowekwa mapema huinama. Kiko upande wa kichwa, ambao kwetu ni mashariki, kwa kuwa kibla kutoka Mbeya ni kaskazini kwa kupindia mashariki kidogo. Mvua za Rungwe huleta ukoga wa kijani ndani ya herufi, na unapoziba nukta, kosa lile lile hurudi kwa mlango wa nyuma. Brashi ya nailoni na maji matupu vinatosha. Brashi ya waya inakwangua rangi iliyojazwa.

Kibao cha kwanza kilibaki karakana miezi miwili. Fundi alitaka kukigeuza na kukifanya kizingiti, lakini neno Allah lilikuwa bado limo. Sheikh alielekeza uso wote usagwe kwa mashine mpaka pasibaki alama, na vumbi likusanywe kwenye turubai likafukiwe mahali pasipokanyagwa. Baada ya hapo lilikuwa jiwe tu, na fundi akalifanyia kazi yake.